Mtoto analia miguu usiku, asubuhi anaruka kamba: ni kweli mifupa inavutika?

Baba Shani wa Gungu (mwanzisha uzi), Jumatatu saa 4 usiku

Habari za usiku wakuu, hasa wazazi na watu wa afya mliomo humu.

Nina binti wa miaka mitano, tunakaa Gungu hapa Kigoma mjini. Kwa muda sasa kuna usiku anaamka analia kwamba miguu inamuuma. Si kila siku. Anaweza kukaa wiki nzima salama, halafu siku mbili mfululizo tunakesha naye. Na si kudeka, ni kilio chenye machozi, anajishika mbele kwenye miundi na nyuma ya magoti. Mama yake anamkanda, baada ya nusu saa hivi analala. Asubuhi ukimuuliza anakushangaa. Anakimbilia uani kuruka kamba na wenzake kana kwamba si yeye aliyetukesha.

Bibi yake wa Ujiji anasema tusihangaike, mtoto anarefuka, mifupa inajivuta akiwa amelala. Jirani anasema ni minyoo. Muuza duka la dawa kaniuzia tembe za kalsiamu, eti mifupa inarefuka kwa kasi na haijapata chakula chake.

Sasa nauliza, mfupa unaweza kuvutika mpaka ukauma? Na kama ni hivyo, atalia mpaka atakapoacha kurefuka? Maana mimi mwenyewe nina futi sita.

---

Kifaru wa Mwanga, saa 4:20 usiku

Futi sita! Basi mkuu zoea tu kukesha mpaka binti amalize kidato cha nne.

Pole lakini. Wangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo, yakaisha yenyewe. Sikumbuki hata lini.

---

Mwalimu wa Michezo, saa 4:41 usiku

Baba Shani, mimi ni mwalimu, nasimamia michezo shule ya msingi, hawa watoto nawajua. Bibi amekosea kidogo tu. Mfupa wenyewe hauumi, kinachouma ni misuli. Mfupa unakua haraka, misuli inabaki nyuma, kwa hiyo inakazwa kama kamba ya nguo. Mchana mtoto ana shughuli hasikii, usiku akitulia ndiyo anasikia.

Dawa yake ni kumnyoosha misuli kila jioni kabla ya kulala. Mimi nimewaambia wazazi wengi na wananishukuru. Kalsiamu haina madhara, mpe tu.

---

Mzee wa Simbo, saa 5:03 usiku

Mwanangu pole sana. Hata mimi miguu inanisumbua usiku, inaanzia kiunoni inashuka mpaka kisigino, mguu wa kulia. Mwaka wa tatu huu. Nachuliwa na mawese ya moto yenye chumvi, napata nafuu. Jaribu.

---

Kifaru wa Mwanga, saa 5:06 usiku

Mzee shikamoo. Anaulizia mtoto wa miaka mitano.

---

Mzee wa Simbo, saa 5:15 usiku

Marahaba. Miguu ni miguu.

---

Tabibu Kasulu, Jumanne saa 12:50 asubuhi

Baba Shani, habari ya asubuhi. Mimi ni tabibu, miaka mingi nimekaa wodi ya watoto. Kabla sijakwambia ni nini na si nini, naomba unijibu haya, na umuulize mama yake kwa sababu yeye ndiye anayemkanda.

Ni miguu yote miwili au mmoja? Kama inabadilishana, leo huu kesho ule, sema. Ukimwambia aonyeshe panapouma, anaweka kidole kimoja mahali pamoja, au anapitisha kiganja kizima juu chini? Akikandwa anatulia, au anautoa mguu asiguswe? Asubuhi ameshawahi kuchechemea, hata hatua chache? Umeona goti au kifundo cha mguu kimevimba? Homa, kukonda, kupauka, macho ya njano, alama za michubuko zisizo na sababu? Mchana analalamika?

Na kama kadi yake ya kliniki ipo, nipe urefu wa sasa na wa mwaka jana.

---

Baba Shani wa Gungu, Jumanne saa 2:30 usiku

Asante sana daktari. Nimekaa na mama yake tukajibu pamoja.

Ni miguu yote miwili, ila kuna siku anataja zaidi wa kushoto na siku nyingine wa kulia. Anapitisha kiganja, hana mahali pamoja. Kukandwa anapenda, akiachwa ndiyo analia tena. Kuchechemea hapana kabisa. Hajavimba popote, homa hana, anakula vizuri. Macho meupe. Michubuko anayo ya magoti, ya kuanguka, na hiyo sababu naijua maana hapa kwetu ni mteremko mtupu.

Mwaka jana alipotimiza minne alikuwa sentimita 101. Juzi nimempima ukutani nikapata 107. Kilo 18.

Mama yake ameongeza jambo ambalo mimi sikuliona: siku za kulia mara nyingi ni zile alizoshinda nje, hasa Jumamosi anapokuwa na binamu zake.

---

Tabibu Kasulu, Jumanne saa 3:40 usiku

Majibu yako yako vizuri sana, na mengi yanatuliza moyo. Miguu yote miwili, jioni au usiku, yanakuja na kuondoka, asubuhi hakuna kitu, anapenda kukandwa. Watoto wa kati ya miaka 3 na 12 wengi hupitia haya, na ndiyo yale tunayoyaita maumivu ya kukua. Jina hilo ni la zamani, daktari mmoja Mfaransa, Duchamp, aliyaandikia mwaka 1823, na tangu hapo watu wakaamini kwamba kukua ndiko kunakouma. Hapo sasa ndipo nataka tukae, kwa sababu namba ulizonipa zinatosha kumjibu bibi.

Shani ameongezeka sentimita 6 kwa mwaka mzima. Huo ni mwendo wa kawaida kabisa wa umri wake. Gawa kwa siku 365, unapata kama sehemu moja ya sita ya milimita kwa siku, na hiyo ni ya mwili mzima, mgongo, mapaja, miundi, vyote vimegawana. Sasa chukua mahali panapokua haraka kuliko mifupa mingine mirefu yote, nacho ni ncha ya chini ya mfupa wa paja, juu kidogo ya goti. Pale huongezeka kama sentimita 1 kwa mwaka. Kwa siku haifiki 0.03 ya milimita. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko hiyo. Kucha ya kidole cha mkono hurefuka zaidi ya mara tatu ya hapo kila siku, na hatujaona mtu akilia kucha usiku.

Halafu mfupa hauvutwi. Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu wa mtoto kuna tabaka jembamba la gegedu. Chembe za pale hugawanyika na kujipanga, zile za zamani zinageuka kuwa mfupa, na mfupa unarefuka kwa kuongezewa pale nchani. Katikati ya mfupa hakuna urefu unaoongezeka. Na Shani anashika wapi? Mbele ya muundi, katikati, na nyuma ya goti kwenye misuli. Anashika mahali ambapo mfupa hauongezi urefu.

Jambo la mwisho la hesabu ni hili. Mtoto mchanga hurefuka kama sentimita 25 mwaka wa kwanza, zaidi ya mara nne ya Shani. Kama kurefuka kungeuma, wodi ya wachanga isingekalika. Baadaye tena mtoto anapobalehe anarefuka kwa kasi, na wakati huo maumivu haya ndiyo huwa yanaisha. Kwa hiyo yanakuja katika miaka ambayo mtoto anakua polepole. Tena mikono nayo inarefuka kila siku, lakini watoto hawa hulia miguu.

---

Injinia wa Kibirizi, Jumanne saa 4:05 usiku

Daktari kwa heshima zote, mfano wa kucha haunikai. Kucha haina mishipa ya fahamu, ndiyo maana tunakata bila kuumia. Mfupa unao. Nilivunjika mkono nikiwa darasa la sita, ninajua mfupa unavyouma.

---

Tabibu Kasulu, Jumanne saa 4:30 usiku

Swali zuri Injinia. Mfupa ulipovunjika, kilichokuuma zaidi ni utando unaoufunika kwa nje, huo una mishipa ya fahamu tele. Lakini lile tabaka la gegedu linaloongeza urefu halina mishipa hiyo.

---

Injinia wa Kibirizi, Jumanne saa 4:38 usiku

Sawa. Na huo utando? Mfupa ukirefuka chini yake, si utavutika? Na kama una fahamu, si ndiyo utauma?

---

Tabibu Kasulu, Jumanne saa 4:59 usiku

Utando nao unakua, haukai vilevile ukisubiri mfupa uukaze. Ila tuseme uko sahihi, unakazwa. Basi ungekazwa kila siku, kwa sababu mfupa unaongezeka kila siku. Shani anakaa wiki nzima bila kilio, na wiki hiyo mifupa yake haikwenda likizo. Tena hilo la wachanga bado linakusubiri.

Na hapo ndipo Mwalimu nami tunapopishana kidogo. Misuli haibaki nyuma ya mfupa kwa hawa wadogo, inakua pamoja nao. Lakini alichosema kuhusu misuli kuhusika sikipuuzi. Mama Shani mwenyewe ameona kwamba siku za kilio ni siku za kushinda nje. Wazazi wengi husema hivyo hivyo, na moja ya maelezo yanayopewa uzito ni uchovu wa miguu ya mtoto aliyekimbia na kuruka kutwa. Wengine wamewapima watoto hawa wakaona wanasikia maumivu upesi kuliko wenzao wakibonyezwa mahali popote, si miguuni tu. Pia mara nyingi utakuta mzazi mmoja naye alilia miguu utotoni. Chanzo kimoja kilichothibitishwa hakuna. Anayekwambia amekijua kwa hakika, muulize amekijuaje.

---

Mwalimu wa Michezo, Jumatano saa 1:10 asubuhi

Sawa daktari, nimekubali ya misuli kubaki nyuma. Lakini kunyoosha kunasaidia, nimeona kwa macho yangu!

---

Tabibu Kasulu, Jumatano saa 1:25 asubuhi

Huenda kunasaidia, sikatai. Kuna utafiti mdogo wa Kanada wa mwaka 1988, wazazi walifundishwa kuwanyoosha watoto misuli ya mapaja mbele na nyuma na ya shavu la mguu, na watoto hao waliacha kulalamika mapema kuliko wenzao. Walikuwa watoto wachache, kwa hiyo siapi. Lakini hakugharimu kitu. Baba Shani, jioni mlaze chali, mguu umenyooka, sukuma unyayo taratibu kuelekea kwenye uso wake mpaka ahisi kukazwa nyuma, shikilia kama sekunde 20, rudia mara chache kila mguu. Halafu mlaze kifudifudi, kunja goti, kisigino kiende kwenye tako. Akisema anaumia, umepitiliza.

Usiku akiamka, mkandeni, kitambaa cha maji ya uvuguvugu kinasaidia. Usiku ukiwa mbaya, dawa ya maji ya parasetamo. Kwa kilo 18, ile yenye miligramu 120 katika mililita 5, mpe mililita 10. Soma chupa kwanza, kwa sababu ziko zenye nguvu tofauti. Asizidishe mara nne kwa siku. Aspirini usimpe mtoto, na hizi diklofenaki za kununua moja moja dukani usiziingize kabisa.

---

Mama Pacha Urambo, Jumatano saa 7 mchana

Naomba na mimi niseme, maana nimesoma uzi wote na roho inanidunda.

Mimi niko Urambo, Tabora. Mwanangu mmoja wa pacha, kabla hajatimiza mwaka, alivimba viganja na nyayo. Zahanati moja wakasema anaota meno. Alipofika miaka mitatu akaanza kulia miguu. Tukaambiwa na mtu mwenye koti jeupe, "Mama, mtoto anakua huyu." Nikarudi nyumbani nikakaa. Akawa analia mchana pia, ukimgusa anapiga kelele, macho yakawa na rangi ya njano. Nilipompeleka hospitali kubwa wakatoa damu, ikaonekana ni selimundu. Miaka miwili nimeambiwa anakua!

Kwa hiyo jamani haya maneno ya "anakua" mimi yananitisha. Kila mtoto anayelia miguu apimwe selimundu, hakuna mjadala.

---

Tabibu Kasulu, Jumatano saa 2:15 usiku

Mama Pacha pole sana, na ahsante kwa kusema. Soma tena ulichoandika, utaona tofauti umeitaja mwenyewe: analia mchana, hataki kuguswa, macho ya njano, viganja na nyayo vilivimba akiwa mdogo. Hayo si maumivu ya Shani. Yule aliyekwambia anakua hakuuliza maswali, na hapo ndipo penye hatari. Jina hili likitolewa bila kumshika mtoto, linafunika vitu vibaya.

Kuhusu kila mtoto kupimwa, sisi wenyewe hatukubaliani. Wako wenzangu watakaosema mtoto kama Shani hahitaji kipimo chochote, historia yake na kumkagua kunatosha. Kitabu kinasema hivyo. Mimi kwa ukanda wetu, ambapo selimundu ipo sana, mtoto ambaye hajawahi kupimwa ningempima mara moja tu, nimalize.

Na msifikiri ni selimundu peke yake. Mguu mmoja tu, siku zote uleule, hasa mahali pamoja anapopaonyesha kwa kidole, huo si wa kusubiri. Kuchechemea asubuhi, kiungo kilichovimba, au kiungo kinachokuwa kigumu anapoamka kisha kinalegea akishatembea, huo ni ugonjwa wa viungo mpaka ithibitike vinginevyo. Homa pamoja na mtoto kugoma kukanyaga ni safari ya siku hiyohiyo, kwa sababu usaha ndani ya mfupa au kiungo hausubiri kesho. Kupauka, kukonda na michubuko isiyo na sababu, tunafikiria damu yenyewe, pamoja na saratani yake.

Kuna mtego mmoja unaowapata hata sisi. Ugonjwa wa nyonga mtoto huusikia gotini. Anashika goti, mnapiga picha ya goti, goti zima, mnarudi nyumbani. Ndiyo maana mtoto anayelalamika goti lazima umlaze, umkunje nyonga, uzungushe mguu ndani na nje, ulinganishe na wa pili. Ukigoma upande mmoja, goti halina kosa.

---

Baba Shani wa Gungu, Jumatano saa 3 usiku

Nimemlaza hapa mkekani nikazungusha miguu yote miwili, anacheka tu, anasema namtekenya. Nimemwambia achuchumae, arukeruke kwa mguu mmoja, atembee kwa visigino. Vyote anafanya. Nimembonyeza muundi wote toka goti mpaka chini, hakuna panapouma.

Wiki ijayo nampeleka akaguliwe, na hicho kipimo cha mara moja nitaomba.

Swali la kalsiamu bado. Nimeshanunua, sikutaka ipotee bure.

---

Tabibu Kasulu, Jumatano saa 3:20 usiku

Kukagua mkekani ni kuzuri ila hakuchukui nafasi ya anayejua kukagua, kwa hiyo hiyo safari ya wiki ijayo uifanye.

Kalsiamu: mtoto wa Kigoma anayekula dagaa wazima na mifupa yake anaila kila wiki, ukiongeza na maziwa na maharage. Hakuna ushahidi kwamba tembe hizo zinaondoa maumivu haya. Ziweke.

---

Injinia wa Kibirizi, Jumatano saa 3:31 usiku

Na vitamini D? Nimesoma kwamba hawa watoto wanakuwa nayo kidogo na wakipewa maumivu yanapungua. Hapo sasa mifupa inarudi mezani, daktari.

---

Tabibu Kasulu, Jumatano saa 3:50 usiku

Tafiti hizo zipo Injinia. Nyingi zimewapima watoto wenye maumivu bila kuwaweka pembeni wenye afya walio na kiwango hichohicho, na zikawapa dawa watoto ambao maumivu yao huja na kuondoka yenyewe. Ukimpa mtu kitu kwenye wiki mbaya, wiki inayofuata itakuwa nzuri zaidi hata ungempa maji. Siwezi kusema hazina kitu, nasema hazijanitosha. Mtoto mwenye miguu iliyopinda, aliyechelewa kutembea, vifundo vya mikono vinene, huyo ana dalili za matege, namtibu vitamini D bila kusita. Huyo si Shani anayeshinda juani.

---

Mama Deo Uvinza, Alhamisi saa 6 mchana

Samahani wapendwa, na mimi nina wa kwangu. Ana miaka 13, anacheza mpira kila siku. Ana kinundu chini ya goti, mbele, kinauma akiruka au akipiga magoti kanisani. Goti moja ndiyo zaidi. Usiku analala vizuri. Hii nayo ni ya kukua kama ya Shani?

---

Mwalimu wa Michezo, Alhamisi saa 6:30 mchana

Mama Deo hiyo naijua, ninao watatu uwanjani. Barafu na kupunguza mazoezi.

---

Tabibu Kasulu, Alhamisi saa 2 usiku

Mama Deo, hiyo ni nyingine kabisa. Pale kwenye kinundu ndipo kano ya misuli ya mbele ya paja inaposhika muundi, na kwa kijana wa umri huo pale mfupa bado ni gegedu laini. Kila akiruka na kupiga mpira, paja linavuta pale pale. Inauma mchana, akifanya kazi, mahali unapoweza kuweka kidole. Ya Shani inauma usiku, akiwa amepumzika, na hana mahali. Mlete aonwe, maana goti moja la kijana wa miaka 13 likiuma na usiku nalo, likazidi wiki hadi wiki, tunataka picha.

---

Injinia wa Kibirizi, Alhamisi saa 2:12 usiku

Haa! Kwa hiyo kukua kunauma! Kijana yuko kwenye kurefuka, sehemu inayokua inavutwa, inauma. Bibi wa Ujiji apewe haki yake.

---

Tabibu Kasulu, Alhamisi saa 2:40 usiku

Nusu ya haki, Injinia. Mahali ni pa kukua, hilo nakupa. Ila kinachouma ni kuvutwa na kano kwenye kazi. Mpumzishe Deo asicheze wiki kadhaa, maumivu yatapungua, na katika wiki hizohizo atakuwa anarefuka kama kawaida. Kama urefu ndio ungekuwa unauma, kupumzika kusingesaidia kitu.

---

Injinia wa Kibirizi, Alhamisi saa 2:51 usiku

Hapo umenishika. Ila ya utando sijaridhika bado, nitarudi.

---

Mama Deo Uvinza, Alhamisi saa 3 usiku

Asanteni. Sasa Jumamosi ana mechi na Kidahwe. Acheze asicheze? Baba yake ameshaahidi kumnunulia viatu.

---

Mwalimu wa Michezo, Alhamisi saa 3:04 usiku

Acheze kipindi kimoja, akisikia kinauma atoke.

---

Tabibu Kasulu, Alhamisi saa 3:15 usiku

Mimi ningemwacha benchi mpaka aonwe. Mwalimu yeye anataka ushindi.

---

Baba Shani wa Gungu, Jumanne iliyofuata, saa 1 usiku

Wakuu nimerudi na mrejesho. Shani amekaguliwa, nyonga, magoti, mgongo, tumbo. Wakachukua damu, wingi wa damu mzuri, selimundu hana. Tumeambiwa maneno yale yale ya daktari wetu hapa.

Jumamosi alishinda na binamu zake tena, usiku akalia. Mama yake akamkanda, sikutoa dawa, alilala kabla sijamaliza kuchemsha maji. Kunyoosha tunafanya jioni, anadhani ni mchezo. Sijui kama kunasaidia, ni mapema.

Bibi nimemweleza ile hesabu ya unywele. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, lakini gauni la Pasaka limeshamfika magotini.

---

Mzee wa Simbo, Jumanne saa 2 usiku

Hongera mwanangu. Sasa huko kumkanda, mnatumia mawese ya moto au ya baridi?

---

Baba Shani wa Gungu, Jumanne saa 2:10 usiku

Shikamoo mzee. Mafuta ya kujipaka tu ya kawaida, mawese yatatuharibia shuka.

---

Tabibu Kasulu, Jumanne saa 2:30 usiku

Shikamoo mzee wangu. Ya kwako ya kuanzia kiunoni kushuka mpaka kisigino mguu mmoja, miaka mitatu, hiyo inatoka mgongoni. Mguu umepungua nguvu? Unakufa ganzi? Haja ndogo inatoka vizuri?

---

Mzee wa Simbo, Jumanne saa 2:44 usiku

Marahaba mwanangu. Ganzi ipo kwenye dole gumba. Haja haina shida. Nguvu ya mguu sijaipima, ngoja kesho nipande mlima wa shambani nikupe jibu.